Baba mdogo wa Bagamoyo si anko wa marehemu: tanzia ya Kiswahili inapoandikwa kwa gazeti la Kiingereza

Familia nyingi za Dar es Salaam zina mtu ughaibuni, na mzazi anapofariki ombi moja hufika mapema kwenye kundi la simu la ukoo: tangazo la kifo liandikwe na kwa Kiingereza, litoke kwenye gazeti la mji anakoishi mtoto. Kazi hupewa kijana aliyesoma. Hulichukua tangazo la Kiswahili, huligeuza mstari kwa mstari, hutuma. Gazeti likitoka, simu zinaanza kulia. Shemeji wa marehemu ameandikwa kuwa anko wake. Mama aliyewalea watoto ameitwa anti. Binti aliyemuuguza marehemu mpaka siku ya mwisho hayumo kabisa. Watu humlaumu kijana kwamba Kiingereza chake kibovu, na nadhani wanamwonea. Mara nyingi Kiingereza chake ni safi. Kilichoharibika ni hesabu ya ukoo, na hiyo haimo kwenye kamusi.

Nitaeleza kwa kutumia tangazo moja la mfano. Nimelitunga kutokana na mambo yanayojirudia katika matangazo ya namna hii, na majina nimeyaacha. Marehemu ni mama wa miaka 78, mjane, mkazi wa Magomeni. Aliwahi kukaa kwa bintiye Uingereza kwa muda, akajulikana na majirani na waumini wa msikiti wa huko, ndiyo maana binti anataka wapate habari kwenye gazeti lao.

Tangazo la Kiswahili linasema hivi: "Tanzia. Familia ya marehemu Mzee Fulani wa Magomeni inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, Bi Fulani binti Fulani, kilichotokea saa 4 usiku wa kuamkia leo Ijumaa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mazishi yatafanyika leo saa 10 alasiri katika makaburi ya Kisutu. Habari ziwafikie kaka yake aliyeko Tanga, baba mdogo wa Bagamoyo na familia yake, shemeji zake wa Kilwa, wakwe wa Morogoro, mama mdogo wa Mbagala, watoto wake walioko ughaibuni, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Kwetu tangazo hili halina tatizo hata moja. Kila anayepaswa kuelewa ataelewa, na kila anayepaswa kusafiri atasafiri. Tatizo linaanza pale linapovuka mpaka.

Orodha mbili zenye kazi tofauti

Jambo la kwanza la kuelewa ni kazi ya maneno "habari ziwafikie". Wanaokumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam wanajua yalivyokuwa. Redio ilikuwa njia ya haraka ya kumfikia mtu aliye mbali, kwa hiyo tangazo lilikuwa wito. Lilitaja waliotakiwa kupanda basi. Aliyekuwa nyumbani pale penye msiba hakuwa na haja ya kutajwa, kwa sababu habari alikuwa nayo tayari. Simu zimekuja, lakini tangazo limebaki na umbo lilelile.

Tanzia ya magazeti ya Uingereza haifanyi kazi hiyo. Orodha yake ni ya watu walioachwa na marehemu: mume au mke, watoto, wajukuu, ndugu. Msomaji wa huko akiona majina, anaelewa kwamba hii ndiyo familia ya marehemu, basi. Hatafuti nani aitwe. Anatafuta nani ampe pole.

Sasa tazama kinachotokea ukigeuza orodha ya kwanza kuwa ya pili bila kuitengeneza. Katika tangazo letu watoto waliotajwa ni wale wa ughaibuni tu. Wanne waliopo Magomeni, akiwemo binti aliyekesha Muhimbili, hawakutajwa kwa kuwa wao ndio "familia" inayotangaza. Kwa Kiingereza wanapotea. Msomaji atadhani marehemu ameacha watoto wa nje ya nchi peke yao, pamoja na mlolongo wa watu wa Tanga, Bagamoyo na Kilwa ambao hajui wanaingiaje. Hakuna neno lililofasiriwa vibaya hapo. Orodha yenyewe ndiyo iliyobadilika kazi.

Kwa hiyo mfasiri haanzi na tangazo. Anaanza na karatasi tupu, anamwandika marehemu katikati, kisha anaomba familia impe watu wote wa karibu, waliomo kwenye tangazo na wasiomo. Orodha ya Kiingereza inatoka kwenye karatasi hiyo.

Baba mdogo wa nani?

Jambo la pili ndilo linaloleta makosa ya aibu zaidi. Kila neno la ukoo lina mtu wa kuanzia kuhesabu. Mjomba ni mjomba wa mtu fulani, mkwe ni mkwe wa mtu fulani. Katika mazungumzo yetu mtu huyo hubadilika katikati ya sentensi na hakuna anayepotea. Tangazo letu limeanza na "mama yao", yaani linahesabu kutoka kwa watoto. Halafu "kaka yake" inahesabu kutoka kwa marehemu. Halafu "baba mdogo wa Bagamoyo" inarudi tena kwa watoto, kwa sababu huyu ni mdogo wa baba yao. Kwa marehemu, mtu huyo ni shemeji.

Tanzia ya Kiingereza ina kituo kimoja, naye ni marehemu. Kila uhusiano uliotajwa ni uhusiano na yeye. Ukiandika kwamba ameacha anko wa Bagamoyo, umesema kwamba mama wa miaka 78 ana mdogo wa baba yake aliye hai. Si jambo lisilowezekana, ila lingekuwa nadra, na hapo ndipo penye njia nyepesi ya kukamata kosa: linganisha umri. Ukiona marehemu mtu mzima ana baba mdogo, mjomba au shangazi anayesafiri kuja mazikoni, simama uulize, "Huyu ni baba mdogo wa marehemu, au wa watoto?" Mara nyingi jibu ni la pili.

Swali hilo hilo liulizwe kwa "shemeji zake wa Kilwa". Hapa lugha yetu inatusaidia kidogo. Shemeji wa mwanamke kwa kawaida ni mwanamume: kaka wa mumewe, au mume wa dada yake. Dada wa mumewe angekuwa wifi. Kwa hiyo kama kweli wanahesabiwa kutoka kwa marehemu, hao ni wanaume. Lakini ikiwa aliyeandika tangazo alikuwa mtoto wa kiume na akawataja shemeji zake mwenyewe, wanaweza kuwa wanaume au wanawake, na wanaweza kuwa upande mwingine kabisa wa ukoo. Kiingereza kitalazimisha kuchagua jinsia, na huwezi kuichagua kwa kubahatisha.

"Wakwe wa Morogoro" ni vivyo hivyo. Mkwe kwetu ni neno la kwenda na kurudi: mimi ni mkwe wa baba wa mke wangu, naye ni mkwe wangu. Marehemu wa miaka 78 hatarajiwi kuwa na wazazi wa mumewe walio hai, basi wakwe hawa ama ni waume na wake wa wanawe, ama ni wazazi wa hao. Familia ikajibu kwamba ni wazazi wa mke wa mtoto wake wa pili. Kiingereza cha kawaida hakina neno moja la mtu huyo. Ama unaeleza kwa maneno kadhaa, ama unawaacha wabaki ndani ya fungu la jumla la familia na marafiki. Mimi ningewaacha kwenye fungu la jumla, kwa sababu kwenye gazeti la mji wa bintiye maelezo hayo hayamsaidii msomaji, na kwa mila zetu wakwe hao wameshapewa heshima yao kwenye tangazo la Kiswahili walilolisikia wenyewe.

Kila lugha inauliza maswali yake

Kuna imani kwamba Kiingereza ni maskini wa maneno ya ukoo. Si kweli, na imani hiyo inawafanya watu wasiwe makini. Kiingereza kina maswali yake ambayo sisi hatuyaulizi. Kinataka kujua kama mtu ni wa kike au wa kiume hata anapokuwa mtoto, mjukuu au mkwe. Kinataka kujua kama ndugu wamechangia mzazi mmoja au wawili. Kinataka kutenganisha aliyekuja kwa damu na aliyekuja kwa ndoa, hata ndani ya jina lenyewe.

Kiswahili kinauliza mengine. Kinauliza upande: huyu ni wa baba au wa mama? Ndiyo maana mjomba na baba mdogo ni watu wawili tofauti kwetu, na kwa Kiingereza wote ni anko. Kinauliza ukubwa: ni mkubwa au mdogo wa mzazi wangu? Na kinauliza nafasi: huyu amesimama mahali pa nani? Mdogo wa baba anasimama mahali pa baba, kwa hiyo anaitwa baba. Dada wa mama anasimama mahali pa mama. Watoto wao, kwa hiyo, ni kaka na dada zangu, si binamu. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Kamusi nyingi hutoa "binamu" kuwa sawa na lile neno la Kiingereza linalowakusanya watoto wote wa ndugu wa wazazi, na hapo ndipo kijana wetu anapojikwaa: anamkuta mtoto wa baba mkubwa ameandikwa "kaka", anajua kwamba si wa tumbo moja, anamwandika kwa neno la Kiingereza la binamu, na mzee wa Tanga anajikuta ameshushwa daraja mbele ya wajukuu zake wanaosoma Kiingereza.

Kaka wa Tanga katika mfano wetu ni mtu wa aina hiyo. Ni mtoto wa baba mkubwa wa marehemu. Walikua nyumba moja, na tangu baba zao walipofariki yeye ndiye aliyesimama kama walii wake siku ya ndoa. Ukimwandika kaka peke yake, msomaji wa Kiingereza atamchukua kuwa mtoto wa baba na mama mmoja na marehemu. Ukimwandika kwa neno la binamu, umesema ukweli wa damu na umeuficha ukweli wa maisha. Njia inayofaa ni kueleza badala ya kubandika jina: andika kwamba marehemu alikuwa dada kwa huyu bwana, mtoto wa kaka mkubwa wa baba yake, aliyekua naye nyumba moja. Ni maneno mengi zaidi, na gazeti huenda linatoza kwa mstari au kwa neno. Mahali pa kubana matumizi ni kwenye sifa. Punguza "mpendwa", "mwenye upendo", "asiyesahaulika". Usipunguze ukoo.

Mtu anaweza kusema kwamba huko ni kuchimba mno, kwani tangazo la kifo si cheti. Ni kweli si cheti. Cheti cha kifo hapa kwetu kinatolewa na RITA, na kipande cha gazeti hakithibitishi mirathi wala uzazi. Lakini karatasi husafiri. Mtu huambatisha tangazo anapoomba ruhusa kazini, anapoomba viza ya kuja kuzika, anapoeleza kwa nini amekosa mtihani. Na maofisi, hata ya kwetu, huhesabu kwa kamba fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi ruhusa yenye malipo ya siku zisizopungua 4 anapofiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu. Baba mdogo hakutajwa humo. Kijana aliyemwambia bosi wake kwamba amefiwa na baba, kisha tangazo likasomeka amefiwa na anko, anaonekana mwongo, ilhali katika lugha yake alisema kweli tupu.

Watoto saba, waliozaliwa na waliolelewa

Familia ya Magomeni ilipoulizwa marehemu ameacha watoto wangapi, ilijibu saba bila kusita. Kwenye karatasi yetu yenye marehemu katikati, saba hao walikaa hivi: wanne amewazaa, wawili ni wa mumewe aliozaa na mke wa pili na wakakulia mikononi mwa marehemu, na mmoja ni wa mdogo wake aliyefariki akiacha mtoto mchanga. Kwetu wote ni watoto wake, na huyo wa mwisho ni mtoto wake mara mbili, kwa sababu dada mkubwa wa mama yake ni mama yake mkubwa tangu siku aliyozaliwa.

Kiingereza kina maneno ya kuwatenga: la mtoto wa mume au mke, la mtoto wa kulea, la mtoto wa dada. Kijana makini atataka kuyatumia, akidhani usahihi ndio huo. Lakini msibani kumtaja mtu kuwa wa kambo ni kumwondoa kwenye jamvi. Anayejua msiba wetu anajua jamvi linavyopangwa: mahali mtu anapokaa ndipo watu wanapomfuata kumpa mkono, na neno moja linaweza kumhamisha kutoka kwa wafiwa kwenda kwa wageni. Upande wa pili, kuwaandika wote saba kuwa watoto bila neno lolote kunaweza kumletea shida huyu wa mwisho, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina jina la mama mwingine.

Suluhisho ninalolipenda ni kishazi kimoja kinachowafunika wote bila kumwonyesha yeyote kidole: "mama, kwa kuzaa na kwa kulea, wa" kisha majina saba yafuate kwa mpangilio wa umri. Kiingereza kinakibeba kishazi hicho vizuri kabisa. Hakidanganyi ofisi yoyote, na hakimtoi mtu jamvini. Nani amezaliwa na nani amelelewa, wanaohusika wanajua.

Jambo moja la kuangalia: usiandike idadi. Ukisema "watoto saba" halafu mtu wa tatu akaandika kwingine "watoto wanne", umefungua mjadala ambao familia haikuuhitaji wiki hiyo. Majina yanatosha.

Mama mdogo wa Mbagala

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. "Mama mdogo" kwetu anaweza kuwa mdogo wa mama, anaweza kuwa mke wa baba mdogo, na anaweza kuwa mke mdogo wa baba. Kijana akiona neno hilo huandika anti na kuendelea. Kumbe mama mdogo wa Mbagala ni mke wa pili wa marehemu Mzee Fulani, mama mzazi wa wale wawili kati ya saba. Ni mjane wa nyumba hiyo, na ameishi na marehemu kwa masikilizano. Kumwita anti wa watoto ni kumfuta ndoa yake.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, kwa hiyo hapa nchini hakuna cha kuficha. Lakini gazeti la Uingereza linasomwa na watu ambao kwao jambo hilo si la kawaida, na binti anayeishi huko ndiye atakayejibu maswali ya jirani. Uamuzi huu si wa mfasiri. Anapaswa kumuuliza mama mdogo mwenyewe kwanza, kisha binti, na kuwapa chaguo zinazoweza kuandikwa. La kwanza ni kusema wazi kwamba alikuwa mke mwenziwe. La pili ni kumtaja kwa jina miongoni mwa wanaomlilia marehemu, akiambatanishwa na nyumba: "na Bi Fulani, pia wa nyumba ya marehemu Mzee Fulani". Hilo linampa mahali pake, na msomaji hapati maelezo asiyoyahitaji. La tatu ni kutomtaja, na hilo litumike tu kama yeye mwenyewe amelitaka. Kisichokubalika ni kumpa cheo cha uongo kwa sababu ndicho chepesi kuandika.

Na tahadhari ndogo kwa anayefasiri huku akieleza kwa simu: kuna watu husema "nyumba ndogo" wakimaanisha nyumba ya mke mdogo. Mjini Dar maneno hayo yana maana nyingine, na yakisikika msibani yataleta ugomvi. Sema "nyumba ya pili", au "kwa bi mdogo".

Saa, siku, na neno "marehemu"

Haya ni mafupi lakini yanaharibu. "Saa 4 usiku wa kuamkia Ijumaa" ni saa 22 ya Alhamisi. Sisi tunauhesabu usiku kuwa wa siku inayokuja, wao wanabadilisha tarehe katikati ya usiku. Ingekuwa saa 8 usiku wa kuamkia Ijumaa, hiyo ingekuwa Ijumaa kwao pia. Tarehe ya gazeti lazima ilingane na ya hospitali, kwa hiyo angalia karatasi ya hospitali badala ya kukisia. Saa 10 alasiri nayo ni saa 16. Nimeona ikihamishwa kama ilivyo na kuwa saa kumi ya asubuhi yao.

Halafu maziko. Muislamu huzikwa upesi, na gazeti la nje litatoka siku kadhaa baadaye. "Mazishi yatafanyika" iwe "amezikwa". Nafasi inayobaki ijazwe na jambo ambalo msomaji wa huko anaweza kulifanyia kazi: kama kuna hitima itakayosomwa kwa binti, siku gani na wapi.

Neno "marehemu" tunalitumia kwa aliyefariki jana na aliyefariki miaka 20 iliyopita. Kwenye tanzia ya Kiingereza neno linalofanana nalo huwekwa kwa yule aliyetangulia zamani, kwa mfano mume. Likiondolewa hapo ili kufupisha, Mzee Fulani anafufuka, na barua za pole zitaandikiwa kwake. Kwa marehemu mwenyewe linatosha jina lake na kitenzi cha kufariki. Wapo wanaoona kitenzi hicho cha Kiingereza ni kikavu, wakatafuta maneno ya mafumbo. Hakuna haja. Katika magazeti yao ni neno la heshima.

Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama mtaa mzima unamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina hilo la mtaani linaweza kufuata baadaye. Na kwa kuwa majina yetu mengi ni jina la mtu likifuatwa na la baba yake, msomaji wa huko ataona mke na mume wenye majina ya mwisho tofauti, na ndugu wenye majina tofauti, akajiuliza. Usimbadilishie mtu jina ili lipendeze. Uhusiano uliouandika vizuri ndio utakaomjibu.

Maneno ya Qurani yaachwe kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za kawaida. Wanaoyajua watayatambua, na waumini wa msikiti wa huko ndio aliotaka binti wasome. Familia ya Kikristo inayotumia maneno ya Ayubu 1:21 isiyafasiri upya, bali iyachukue kwenye Biblia ya Kiingereza yenyewe, kwani msomaji anayajua kwa umbo lile.

Kusomewa kwa Kiswahili kabla ya kutuma

Hatua inayorukwa zaidi ni hii. Tangazo likishaandikwa kwa Kiingereza, mtu mwingine, si yule aliyelifasiri, alichukue bila kuona la Kiswahili, na alisome kwa Kiswahili mbele ya mzee wa ukoo. Wafasiri wa hojaji za utafiti wa afya hufanya hivyo kupima kazi. Mzee hahitaji kujua Kiingereza. Anasikia ambacho msomaji wa nje atakielewa, na anakubali au anakataa.

La mfano wetu lilisomeka hivi: "Bi Fulani binti Fulani, wa Magomeni, Dar es Salaam, mke wa marehemu Mzee Fulani, alifariki Alhamisi katika Hospitali ya Taifa Muhimbili akiwa na miaka 78. Mama, kwa kuzaa na kwa kulea, wa hawa, kila mmoja kwa jina lake. Bibi wa wajukuu na vitukuu. Dada wa bwana huyu wa Tanga, mtoto wa kaka mkubwa wa baba yake, aliyekua naye nyumba moja. Shemeji wa huyu wa Bagamoyo, mdogo wa mumewe, na wa kaka wa mumewe walioko Kilwa. Anaombolezwa pia na Bi Fulani wa Mbagala, wa nyumba ya marehemu Mzee Fulani, na familia na marafiki wengi. Amezikwa Ijumaa katika makaburi ya Kisutu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Ukisoma hivyo kwa sauti, kosa linajitokeza lenyewe. Mzee akisikia "anko wake wa Bagamoyo" atashtuka: "Anko wa nani?" Akisikia majina sita badala ya saba ataanza kuhesabu kwa vidole. Katika mfano huu anaweza kuuliza kwa nini watu wa Kilwa wametajwa kwa jumla na wa Bagamoyo kwa jina. Hilo ni swali la haki, na jibu lake, kwamba wa Bagamoyo ndiye aliyeilea familia baada ya Mzee kufariki, ama litamtosha ama litamfanya aongeze majina. Uamuzi ni wake.

Baada ya hapo tangazo linatumwa. Magazeti mengi ya huko huomba uthibitisho wa kifo kabla ya kuchapa, kwa hiyo binti awe na nakala ya karatasi ya hospitali au kibali cha mazishi mkononi. Aombe pia kuona prufu, yaani nakala ya tangazo kabla halijachapwa. Mhariri asiyewajua huweza kufupisha maelezo ya kaka wa Tanga yakawa neno moja, akidhani anasaidia, au akaondoa jina la Bi Fulani wa Mbagala kwa kuona haliungani na lolote. Prufu ikirudi, asisome tahajia tu. Aiweke kando ya ile karatasi yenye marehemu katikati, afuate kila mstari kutoka kwake hadi kwa kila jina, na pale mstari ulipokatika amwandikie mhariri arudishe maneno kama yalivyokuwa, hata kama bei itaongezeka kwa mstari mmoja.